Godauni la mita za mraba 420 Vingunguti: tangazo liandikwe vipi mfanyabiashara aelewe kilichopo?

Binti_Kiwalani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Familia yetu ina godauni Vingunguti, upande wa kuingilia kutoka Barabara ya Nyerere. Ukubwa ni mita 14 kwa 30, kuta za tofali, paa la bati kwenye kenchi za chuma, na kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi ni mita 5. Mpangaji wa mwisho alikuwa wa mchele na sukari, akahama baada ya kujenga lake.

Tangazo lililozunguka mpaka sasa ni hili:

"GODAUNI LINAPANGISHWA VINGUNGUTI. Ukubwa 420. Linafikika kwa gari, ulinzi saa 24, umeme upo, sakafu imara. Bei maelewano."

Simu zinakuja, tena nyingi. Watu wanakuja, wanazunguka dakika chache, wanasema watapiga. Hawapigi. Dalali mmoja anashauri tushushe kodi. Naamini jengo ni zuri na kodi si kubwa kulinganisha na majirani, ila sisi wenyewe hatujui kulieleza. Nataka tangazo litakaloleta watu wachache wanaolifaa, sio msururu wa watu wa kuangalia. Mambo manne naona ndiyo nguvu yetu: kupakia na kushusha, usalama, umeme, na sakafu. Naombeni mnisaidie.

---

Dalali_Mtulivu

Dada, mimi niko kwenye kazi hii siku nyingi. Tangazo refu halisomwi. Weka picha tatu kali, eneo, namba ya simu, basi. Maelezo mtu atayapata akifika. Ukiandika kila kitu unawafukuza wateja kabla hawajaja. Na bei weka kwa dola kwa mita, wageni ndio wanaopanga magodauni siku hizi.

---

Muuza_Vigae_Kkoo

Naomba nijibu kama mpangaji, maana mimi ndiye mtu mnayemtafuta. Nina duka Kariakoo la vigae na vyoo, na nimepanga magodauni maeneo kadhaa.

Neno "linafikika kwa gari" halinisaidii chochote. Gari gani? Kirikuu? Fuso? Semi yenye kontena? Nikishafunga safari kuja Vingunguti nikakuta geti ambalo semi haiwezi kuingia, nimepoteza siku na wewe umepoteza muda. Nakaa kimya, sirudi, maana hakuna la kujadili. Hao wanaosema watapiga, wengi wao wameona kitu getini tu wakaamua.

"Ulinzi saa 24" kila mtu anaandika. "Sakafu imara" kila mtu anaandika. Macho yanapita.

Bei kwa dola achana nayo. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Andika shilingi.

---

Foromani_Mstaafu

Binti, umeuliza vizuri. Nimesimamia maghala ya watu wa bandari na ya wafanyabiashara binafsi karibu maisha yangu yote ya kazi. Kabla ya kuandika tangazo chukua futi kamba uniletee vipimo hivi hapa:

Upana wa mtaa mbele ya geti, ukuta hadi ukuta. Upana wa geti. Kutoka geti hadi mlango wa godauni ni mita ngapi, na je, viko kwenye mstari mmoja? Mlango wenyewe, upana na urefu wa kwenda juu. Sakafu iko sawa na uwanja au imeinuliwa? Uwanja ni zege, matofali ya kupanga au udongo? Na mwisho, tembea kutoka barabara kuu hadi getini huku ukitazama juu, utafute waya ulioning'inia chini kuliko zote.

Ukileta hivyo nitakuambia godauni lako ni la nani.

---

Korosho_Ndanda

Hapa kwetu Mtwara ghala lazima liwe na leseni ya Bodi ya Stakabadhi za Ghala kabla ya kupokea korosho za chama cha msingi. Mmeshapata leseni? Na mzani wenu umehakikiwa? Bila hivyo hamtapata mzigo msimu huu.

---

Binti_Kiwalani

@Korosho_Ndanda asante ndugu yangu, ila sisi hatupokei mazao ya wakulima. Tunapangisha jengo tupu, mfanyabiashara aweke mali yake mwenyewe.

@Foromani_Mstaafu shikamoo mzee. Nimepima na kaka yangu leo:

Mtaa ni mita 7 ukuta hadi ukuta. Geti mita 4.5. Kutoka geti hadi mlango mita 15, na viko mstari mmoja. Mlango una upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 4. Sakafu imeinuka kidogo tu kutoka uwanjani, kama kiganja. Uwanja umepangwa matofali. Waya wa chini kabisa ni wa mtandao, umekatiza mtaa nyumba tatu kabla ya kufika kwetu. Kaka amekadiria kwa fito, uko kwenye mita 4 hivi.

---

Korosho_Ndanda

Nimeelewa sasa, samahani kwa kuingilia kwa mguu mwingine. Basi niongeze moja ambalo huku kwetu tunaliangalia sana na hata mtu wa mchele ataliuliza: sakafu inapandisha unyevu? Chukua karatasi ya nailoni kama mita moja kwa mita moja, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa, iache usiku na mchana. Ukiifunua ukakuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, mifuko ya safu ya chini itaoza hata ukiweka chaga. Ukikuta pakavu, piga picha. Hiyo ni sifa ya kuandika.

---

Foromani_Mstaafu

Huyu wa Ndanda amesema jambo la maana sana, lifanye hilo wiki hii.

Sasa vipimo vyako. Semi yenye kontena la futi 40, kichwa na tela vikiungana, ina urefu wa mita 16 hadi 17. Uwanja wako ni mita 15. Ikirudi nyuma hadi mlangoni, kichwa kinabaki mtaani na mtaa unafungwa. Lakini kabla hata ya kufika hapo, kuna kona. Dereva yuko kwenye mtaa wa mita 7 na anatakiwa kuvunja kona ya mraba kuingia geti la mita 4.5. Haingii. Akilazimisha, atang'oa nguzo yako au ya jirani.

Juu nako kuna kikwazo. Kontena lile refu kwenda juu, likiwa juu ya tela, linafika karibu mita 4.3. Waya wako wa mita 4 unakatika siku ya kwanza. Huo unaondoka kwa kuongea na wenye mtandao wauinue, haugharimu sana, lakini usipouondoa hakuna semi ya kontena refu itakayofika hata getini.

Kwa hiyo leo hii, godauni lako ni la Fuso na Kenta. Fuso ya tani 10 ina mita 8 au 9 hivi, inaingia uwanjani mwako, geti linafungwa nyuma yake, inashusha ikiwa ndani ya ukuta. Hiyo ndiyo sifa yako kubwa na hukuiandika! Wafanyabiashara wengi Dar wanashushia mzigo mtaani, watu wamejaa, mfuko mmoja unapotea kila mara na hakuna anayejua umepotelea wapi. Kushusha geti likiwa limefungwa ni usalama na ni upakiaji kwa wakati mmoja.

---

Muuza_Vigae_Kkoo

Mzee amenifungua macho. Kwa hesabu hiyo mimi simo, na ni vizuri nijue kabla sijaja.

Niwaeleze kwa nini. Watu wanadhani mwenye kontena za futi 20 anahitaji nafasi ndogo. Vigae vinakuja kwenye futi 20 kwa sababu ni vizito, kontena moja linabeba kama tani 27. Mzigo huo haupandi Fuso, unakuja kwa semi ileile ndefu. Ningeweza kufungulia kontena bandari kavu na kuhamishia kwenye Fuso, lakini vigae ukivishika mara mbili vinavunjika mara mbili, na vibarua unawalipa mara mbili. Ila wapo ninaowafahamu ambao mzigo wao unatoka viwandani hapahapa kwa Fuso: sukari, unga, sabuni, maji, soda. Hao ndio wako.

---

Changamwe_Boi

Hapa Mombasa niko na godauni dogo Changamwe, na shida ilikuwa ile ile ya uwanja mfupi. Tulichofanya ni hivi: lori linaingiza trela kinyumenyume, linaacha trela ndani, kichwa kinaenda zake. Trela pekee ni kama mita 12 na nusu, kwa hivyo linatosha kwa uwanja wa mita 15. Watu wanashusha polepole, kichwa kinarudi jioni.

Lakini sakafu ya uwanja ndio ilitusumbua. Ile miguu ya mbele ya trela ikishasimama peke yake na kontena imejaa, uzito wote wa mbele unakaa kwa vyuma viwili vidogo. Matofali ya kupanga yalizama, trela ikainama upande. Tulilazimika kumwaga zege pale miguu inaposimama.

---

Foromani_Mstaafu

@Changamwe_Boi umesema kweli tupu, na kwa binti hiyo inawezekana, ila lazima kwanza geti lipanuliwe. Geti likiwa mita 6 au 7, na kama nguzo zitasogezwa ndani kidogo ili kona ifunguke, dereva mzuri anaweza kuingiza tela kinyumenyume. Sisemi ataweza kwa hakika, maana mtaa wa mita 7 ni mwembamba. Hesabu ya karatasini haitoshi hapa. Lipa semi tupu ije Jumapili asubuhi mtaa ukiwa kimya, ijaribu, na umpige video tangu barabara kuu hadi mkia wa tela ufike mlangoni. Ikiwezekana, video hiyo ndiyo tangazo lako, hakuna picha itakayoizidi. Ikishindikana, umejua, na unaendelea kuuza kwa watu wa Fuso bila kumdanganya mtu.

---

Fundi_Zege_Tbt

Kwenye sakafu mnajichosha. Zege ni unene tu. Kama ni inchi 6 andika "sakafu inchi 6, inabeba tani 10 kwa mita ya mraba", umemaliza. Nyumba ya kawaida tunamwaga inchi 3 au 4, kwa hiyo inchi 6 ni mara mbili, haivunjiki hata uweke nini.

---

Foromani_Mstaafu

Fundi, unene ni nusu ya habari. Nimeona sakafu ya inchi 6 imepasuka vipande na ya inchi 5 inadunda miaka. Tofauti ilikuwa chini yake. Kifusi kisiposhindiliwa vizuri, udongo unatulia baadaye, zege linabaki limening'inia juu ya uwazi. Siku foklifti inapita hapo, linavunjika.

Na aina ya mzigo ni jambo kubwa. Chukua mfano wa mpangaji wake wa zamani. Mfuko wa kilo 50 ukilala unachukua kama nusu mita ya mraba. Panga mifuko 20 kwenda juu, hiyo ni tani moja juu ya nusu mita, yaani tani 2 kwa mita ya mraba. Inaonekana nyingi, lakini imesambaa, na sakafu nyingi za ghala zilizomwagwa vizuri zinaivumilia. Sasa angalia foklifti ya kunyanyua tani 3. Yenyewe ina zaidi ya tani 4. Ikibeba mzigo wake kamili zinakuwa tani 7 na kitu, na karibu zote zinahamia kwenye matairi mawili ya mbele. Kila tairi linabeba tani 3 na zaidi, juu ya sehemu ndogo kama kiganja cha mkono. Huyo ndiye anayevunja sakafu, hasa kwenye kingo za viungio. Rafu za chuma nazo ni hivyohivyo, mguu mmoja unaweza kubeba tani kadhaa juu ya kibati kidogo.

Kwa hiyo usiandike tani 10. Ukiandika namba hiyo bila barua ya mhandisi, siku sakafu ikizama mpangaji atakuja na tangazo lako mkononi.

---

Fundi_Zege_Tbt

Sawa mzee, la kushindilia nakubali, huwa tunaligombania na wenye majengo kila siku hawataki kulipia. Lakini sasa sakafu imeshamwagwa, chini haionekani. Atajuaje?

---

Foromani_Mstaafu

Kuna njia za bure na kuna ya kulipia.

Ya bure: godauni likiwa tupu hivi, lizunguke lote ukigonga sakafu kwa fimbo ya chuma au nyundo. Palipo salama panatoa sauti kavu, fupi. Palipo na uwazi chini panatoa sauti ya mtungi. Weka alama ya chaki. Kisha angalia viungio: kingo zimemomonyoka? Kipande kimoja kimekaa chini kuliko mwenzake? Omba jirani mwenye foklifti apite juu ya viungio, wewe chuchumaa pembeni uweke kidole kwenye kiungio. Ukisikia kipande kinacheza, hapo kuna tatizo, hata kama juu panang'aa. Ufa mwembamba kama unywele ulioko katikati ya kipande usikutishe, zege hujikausha na kupasuka hivyo.

Ya kulipia: mhandisi akate kipande cha duara sehemu mbili tatu. Ataona unene halisi, nyavu ya nondo iko au haipo na imekaa kimo gani, na chini kuna nini. Kisha atakupa barua inayosema mzigo uliosambaa ni kiasi gani kwa mita, na foklifti ya ukubwa gani inaruhusiwa. Barua hiyo unaitumia miaka.

Kama huna fedha ya mhandisi sasa, andika historia badala ya ahadi: "Mpangaji aliyetangulia alipanga mchele na sukari mifuko 20 kwenda juu." Hilo ni kweli, linaweza kuthibitishwa, na mfanyabiashara wa vyakula analielewa kuliko tani kwa mita.

---

Muuza_Vigae_Kkoo

Hapo kwenye mifuko nikazie. Sisi hatufikirii kwa mita za mraba. Ukiniambia 420 sina picha kichwani. Ukiniambia linachukua mifuko mingapi, nimeshajua.

---

Foromani_Mstaafu

Tumpigie hesabu basi. Mita 420, lakini huwezi kupanga zote. Unaacha njia ya kati, unaacha nafasi kati ya mzigo na ukuta ili hewa ipite na mtu akague panya na maji, unaacha uwanja wa mlangoni wa kuhesabia. Zinabaki kama asilimia 60, sema mita 250. Mfuko nusu mita, safu 500. Mara 20 kwenda juu, ni mifuko elfu 10, tani 500. Kimo cha mifuko 20 ni kama mita 3, kenchi ziko mita 5, kwa hiyo taa na hewa vinabaki salama juu.

"Linapanga mifuko elfu 10 ya kilo 50, na njia zikiwa wazi." Andika hivyo. Ukimwambia elfu 15 atakuja, ataona njia hakuna, atakudharau.

---

Binti_Kiwalani

Mzee, Mungu akubariki. Hilo la mifuko sikuwahi kulifikiria.

Nigeukie umeme na ulinzi. Umeme tunao wa fezi tatu, mita ya LUKU ni ya godauni peke yake, swichi kubwa imeandikwa 60 A. Hatuna jenereta. Ulinzi ni mlinzi mmoja wa usiku, ukuta wa mita 2 na nusu wenye waya juu, kamera nne ambazo mbili hazifanyi kazi.

---

Dalali_Mtulivu

Nunua jenereta kubwa, weka kwenye tangazo "umeme haukatiki". Hiyo inauza.

---

Muuza_Vigae_Kkoo

Dalali, kwa mtu wa sukari jenereta kubwa ni mzigo. Gharama yake atailipa kwenye kodi na yeye anahitaji taa na kamera tu. Kitu kidogo cha betri kinachowasha taa za uwanjani na kamera umeme ukikatika kinamtosha. Usiku wa giza ndio watu wanapanda ukuta.

Ninachouliza mimi kwenye umeme ni vitu viwili: mita ni yangu peke yangu, na haina deni la mtu. Kugawana mita na mwenye nyumba au na gereji ya jirani kumevunja mikataba mingi.

---

Foromani_Mstaafu

Kweli, lakini fezi tatu usiidharau. Yuko mfanyabiashara anayenunua mchele kwa mifuko mikubwa na kuufungasha kwenye kilo 5 na kilo 10. Ana mashine ya kupepeta, mashine ya kupima na ya kushona. Huyo anatafuta fezi tatu kwa taa, na hawezi kukaa kwenye stoo za kawaida. Fezi tatu za 60 A ni kama kVA 41, zinatosha mashine zake na bado kuna akiba. Chumba cha baridi kidogo nacho kinaingia.

Ila pima kwanza. Mwite fundi umeme mwenye leseni, apime volti kila fezi saa 1 hadi saa 3 usiku, wakati mtaa mzima umewasha. Fezi moja ikishuka sana kuliko wenzake, mota za mpangaji zitaungua na ugomvi utakuwa wako. Akute ziko sawa, andika vipimo na tarehe kwenye karatasi, ibandike kwenye boksi la umeme. Mteja akija anasoma mwenyewe.

Kwenye ulinzi, tengeneza kamera mbili hizo kabla ya kutangaza neno kamera. Moja itazame mlango kwa ndani, moja itazame sehemu ya kuhesabia. Mali nyingi za ghalani haziibwi na mtu wa usiku mwenye ngazi. Zinatoka mchana, mlangoni, kwenye gari lililohesabiwa vibaya. Mlinzi wako awe na daftari: gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya hati ya kutolea mzigo. Na kufuli mbili mlangoni, moja ya mpangaji peke yake. Mwandikie wazi kwamba wewe mwenye jengo huna ufunguo wa kufuli yake.

Angalia pia bati. Kagua skrubu zote za paa upande unaogusana na jirani. Wezi wanaojua kazi hawagusi mlango.

---

Muuza_Vigae_Kkoo

Ongeza moto. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 wengi tulianza kuuliza mambo ambayo hatukuwa tunauliza. Mtu wa bima ataomba cheti cha ukaguzi cha Zimamoto na ataangalia mitungi na nyaya. Bima ya jengo ni yako, ya mali ni ya mpangaji. Tangazo likisema cheti kipo na kiko hai, umemrahisishia kazi ya wiki nzima.

---

Changamwe_Boi

Mimi nauliza hivi, si heri ainue sakafu iwe kimo cha kitanda cha lori? Kama mita moja na robo. Hapo mzigo unasukumwa kwa toroli ndogo moja kwa moja, hakuna kubeba kichwani. Kwa yetu tuliona vibarua wamepungua.

---

Foromani_Mstaafu

Kwa kontena na Fuso ni raha. Kwa kirikuu na guta ni mateso, kitanda chao kiko chini sana na mzigo utashuka badala ya kwenda sawa. Mfanyabiashara wa jumla anaingiza kwa Fuso na kutoa kwa kirikuu siku nzima. Mimi ningeweka jukwaa upande mmoja tu wa mlango.

---

Fundi_Zege_Tbt

Kwa uwanja wa mita 15, jukwaa litakula mita 3 au 4. Hapo tela haliingii tena hata geti likipanuliwa. Achague moja.

---

Foromani_Mstaafu

Hapo umenishika. Kwa kweli inategemea majibu ya ile semi ya Jumapili. Asijenge kitu kabla.

---

Binti_Kiwalani

Nimewasikia. Karatasi ya nailoni tumeibandika sehemu tatu, mbili ziko kavu kabisa, ya tatu karibu na ukuta wa nyuma ina ukungu kidogo. Fundi anasema mfereji wa maji ya paa unamwaga hapo, tunauhamisha. Nimegonga sakafu na kaka, sehemu moja tu inalia mtungi, nyuma ya mlango kulia, kama mita 2. Tutaivunja na kuimwaga upya.

Tangazo jipya ni hili, nisahihisheni:

"GODAUNI LA FUSO NA KENTA, VINGUNGUTI. Linafaa mfanyabiashara wa jumla wa vyakula, vinywaji, sabuni, au anayefungasha. Linapanga mifuko elfu 10 ya kilo 50 na njia zikiwa wazi.

Kushusha: Fuso inaingia uwanjani na geti linafungwa, unashusha ndani ya ukuta. Mlango mita 3.6 kwa 4. Semi yenye kontena HAIINGII kwa sasa.

Sakafu: zege, mpangaji aliyetangulia alipanga mchele na sukari mifuko 20 kwenda juu. Imepimwa unyevu, picha zipo.

Umeme: fezi tatu, 60 A, LUKU ya godauni peke yake, haina deni. Vipimo vya volti vya usiku vimebandikwa.

Usalama: ukuta mita 2.5 na waya, kamera nne pamoja na ya sehemu ya kuhesabia, mlinzi mwenye daftari la magari, kufuli ya mpangaji peke yake.

Kodi kwa shilingi, imeandikwa chini."

Tutalitoa fundi wa kamera na wa volti wakishamaliza.

---

Dalali_Mtulivu

Hilo neno HAIINGII mimi ningelitoa. Unajifungia mlango mwenyewe.

---

Muuza_Vigae_Kkoo

Liache. Ndilo lililonifanya niamini mengine yote. Kitu kimoja kimebaki: kwenye unyevu sema na ile sehemu ya tatu, useme mfereji umehamishwa lini. Mtu wa mchele atauona ukungu akifika. Na cheti cha Zimamoto hukukitaja, kipo?

---

Binti_Kiwalani

Cha mwaka jana kipo, cha mwaka huu bado. Nakwenda kuomba ukaguzi Jumatatu. Na mwenye mtandao amekubali kuja kuinua waya, semi ya majaribio tunaitafuta. Kuna anayemjua dereva mvumilivu wa kona?

---

Foromani_Mstaafu

Nenda TAZARA asubuhi wanapoegesha, uliza dereva mwenye umri, sio kijana. Mwonyeshe mtaa kwa miguu kwanza kabla hajaleta gari. Na mwambie jirani wa mbele mapema, magari yake yasiwe nje siku hiyo.